Kurudia, kuvusha au kujibu kwanza: njia tatu za msemaji anayebanwa hewani

Saa moja na nusu asubuhi, kipindi kiko mubashara, mtangazaji anamgeukia msemaji wa mamlaka ya maji: "Dada yangu, mlituahidi maji Jumatano. Leo Jumatatu. Mlitudanganya, ndiyo au hapana?"

Swali hili ndilo ninaloanza nalo kila ninapofundisha wasemaji wapya. Limebeba shutuma, limefunga majibu yabaki mawili tu, na kibaya zaidi, lina ukweli ndani yake. Katika zoezi letu mota ya pampu kubwa imeungua Jumamosi ya wiki juzi, na mji mzima hauna maji kwa siku ya tisa. Mota mpya ilifika Jumanne ikafungwa, lakini haikuwaka kwa kuwa paneli ya umeme nayo ilikuwa imeungua, na hakuna aliyeikagua kabla ya kutangaza siku. Paneli inafika kesho. Kwa sasa maboza manne ya maji yanazunguka kwenye kata nane, kata nne kwa siku, na ratiba imebandikwa kwenye ofisi za watendaji wa kata. Hiyo ratiba ndiyo msemaji ametumwa kuitangaza, maana kuna watu hawajui kwamba boza limepita mtaa wa pili jana.

Basi ana dakika sita, ujumbe mmoja, na swali lililokaa mlangoni kama mbwa. Apite wapi? Wasemaji wengi huchagua moja kati ya njia tatu, hata kama hawazijui kwa majina. Mimi naziita kurudia, kuvusha, na kujibu kwanza. Nitampitisha dada huyu katika zote tatu kwa swali hilohilo, kisha niseme ningemshauri ipi.

Kwa njia ya kurudia, jibu lake ni hili: "Mamlaka inafanya kila jitihada kuhakikisha huduma inarejea haraka iwezekanavyo, na tayari maboza yanazunguka mitaani." Mtangazaji anauliza tena. Jibu ni lile lile. Anauliza mara ya tatu, jibu ni lile lile, ila sasa sauti imepanda kidogo na unamsikia akivuta pumzi kabla ya kusema "mamlaka".

Wanaoipenda njia hii wana hoja, na si hoja ya kipuuzi. Ukisema sentensi moja tu, gazeti litaandika sentensi moja tu, na taarifa ya habari ya saa saba haitapata kipande kingine cha kucheza. Hilo ni kweli kwa mahojiano yaliyorekodiwa, ambapo mhariri anakata na kubakiza sekunde kumi. Lakini redio ya moja kwa moja haina mkasi. Msikilizaji anasikia maswali yote matatu na majibu yote matatu, na baada ya jibu la pili hasikilizi tena maneno. Anasikiliza namna unavyokwepa.

Mfano unaojulikana sana ni wa runinga. Tarehe 13 Mei 1997, katika kipindi cha Newsnight cha BBC, Jeremy Paxman alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, kama alimtishia mkuu wa magereza kwamba angeupindua uamuzi wake. Howard alijibu kwa maelezo yaleyale kuhusu mipaka ya madaraka yake, na Paxman akarudia swali zaidi ya mara kumi. Baadaye Paxman alieleza kwamba alikuwa anavuta muda, kwa kuwa ripoti iliyopaswa kufuata haikuwa tayari. Hapo ndipo pa kuangalia. Msemaji anayerudia huwa anategemea kwamba mtangazaji atachoka au muda utakwisha. Lakini saa iko mikononi mwa mtangazaji, na siku nyingine ana dakika za kujaza.

Kwa redio yenyewe, sikiliza asubuhi ya tarehe 29 Septemba 2022. Waziri Mkuu wa Uingereza, Liz Truss, alizungumza na redio nane za mikoa za BBC, moja baada ya nyingine, kwa muda wa kama saa moja. Ilikuwa siku chache baada ya bajeti ndogo iliyotikisa sarafu na riba za mikopo ya nyumba. Swali la kwanza, la Rima Ahmed wa Redio Leeds, lilikuwa fupi: umekuwa wapi? Truss alikuwa amejiandaa kuzungumzia unafuu wa bei ya nishati, na akaupeleka unafuu huo kila kituo. Kila redio ikisikilizwa peke yake pengine asingeonekana vibaya sana. Ila watu walivisikia vipande vyote nane kwa mfululizo, jibu lile lile likiwekwa juu ya maswali tofauti, na huko Stoke, alipobanwa kuhusu mikopo ya nyumba, kilisikika kimya cha sekunde kadhaa ambacho mpaka leo watu wanakikumbuka kuliko neno lolote alilosema.

Kuna jambo la pili katika mahojiano yale ambalo wafundishaji wengi hulipita. Ujumbe wenyewe ulikuwa na kasoro. Truss alisema hakuna atakayelipa zaidi ya pauni 2,500 kwa nishati, wakati kilichowekewa kikomo kilikuwa bei ya kila uniti. Hiyo 2,500 ilikuwa ya kaya ya matumizi ya kawaida, na anayetumia zaidi angelipa zaidi. Ukirudia ujumbe wenye kosa, umelirudia kosa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia yoyote, mpelekee sentensi yako fundi au mhasibu anayejua jambo lenyewe, umuulize: hii inaweza kukanushwa na mtu mwenye bili mkononi?

Hata hivyo kurudia kuna mahali pake. Kukiwa na kipindupindu au mafuriko, "chemsheni maji hata kama yanaonekana safi" inapaswa kusemwa mara nne katika dakika sita, maana redio ni barabara: watu wanaingia na kutoka, mwenye daladala amewasha sasa hivi, na aliyeingia dakika ya nne hakusikia ya kwanza. Unachorudia hapo ni agizo la kuokoa watu. Kulitumia kama ngao dhidi ya swali ni jambo jingine kabisa.

Njia ya pili, kuvusha, ndiyo inayofundishwa zaidi kwenye semina. Unaligusa swali, unatupa ubao wa kuvukia, unaingia kwenye ujumbe wako. Dada yetu anasema: "Naelewa wananchi wamechoka, na wana haki ya kuchoka. Lakini jambo la muhimu kwa mama aliyeko nyumbani saa hii ni hili: leo maboza manne yako katika kata nne, na ratiba iko kwa mtendaji wa kata."

Jibu hili lina utu na lina taarifa, na linakwenda vizuri sikioni. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani Todd Rogers na Michael Norton walichapisha majaribio yanayoeleza kwa nini. Waliwasikilizisha watu mgombea anayejibu swali jingine badala ya aliloulizwa. Jibu lilipokuwa na undugu na swali, wasikilizaji wengi hawakuona kwamba amekwepa. Lilipokuwa mbali kabisa na swali, waliona mara moja. Na swali lilipoandikwa kwenye skrini wakati jibu linaendelea, wengi zaidi waligundua.

Redio haina skrini, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kuvusha kunafaa redio kuliko kokote. Kwa mahojiano ya upole, ndiyo. Lakini mtangazaji mkali anaporudia swali, anafanya kazi ileile ya skrini: analibandika swali mbele ya msikilizaji. "Dada, ratiba nimeisikia. Nimekuuliza kuhusu Jumatano." Hapo ubao umevunjika, na aliyekuwa anaonekana mwenye huruma sasa anaonekana mjanja. Ndiyo maana nasema kuvusha kunakupa nafasi moja tu kwa kila swali. Ukiulizwa tena, usivushe tena.

Kuna ishara ya kumtambua msemaji aliyefundishwa kuvusha bila kufundishwa mipaka yake: neno "lakini". Sikiliza rekodi yako uhesabu. Kila "naelewa... lakini" inafuta kile kilichotangulia, na msikilizaji wa Kiswahili analijua neno hilo tangu utotoni, ndilo linalokuja kabla ya kunyimwa.

Mahali ambapo kuvusha ni lazima ni pale ambapo kweli huwezi kujibu. Basi limeanguka, ndugu wa marehemu hawajaarifiwa. Kesi iko mahakamani. Uchunguzi ndio umeanza jana. Hapo vusha, ila toa sababu ya kutojibu kwa sauti: "Majina siwezi kuyataja mpaka familia zipate taarifa kutoka kwetu kabla ya kuzisikia redioni. Ninachoweza kukwambia ni kwamba majeruhi wote wamepelekwa hospitali ya mkoa, na ndugu wapokelewe lango la pili." Sababu hiyo ndiyo ubao wenyewe. Mtangazaji akiuliza tena, atakayeonekana mkorofi ni yeye.

Njia ya tatu ni kujibu kwanza, na sitaficha kwamba ndiyo ninayoipendekeza kwa msemaji mpya mwenye swali lenye ukweli ndani yake. Sentensi ya kwanza inajibu kile kilichoulizwa. Sentensi ya pili inaeleza sababu au kinachofanyika. Ya tatu ndiyo ujumbe. Kisha unanyamaza.

"Ahadi ya Jumatano hatukuitimiza, na kosa ni letu: tulitangaza siku kabla ya kukagua paneli ya umeme. Paneli mpya inafika kesho, na safari hii sitataja saa mpaka mafundi waiwashe. Leo maboza yako kata nne, ratiba iko kwa mtendaji, na asiyeliona boza mtaani kwake apige namba iliyo kwenye bili yake."

Lisome kwa sauti huku umeshika saa. Ni kama sekunde 25. Angalia mambo mawili. Hakusema "hatukudanganya". Neno hilo limeletwa na mtangazaji, na ukilishika, hata kwa kulikana, linakuwa lako. Rais wa Marekani Richard Nixon alisimama mbele ya wahariri tarehe 17 Novemba 1973 akasema yeye si mhuni wa kutapeli watu, na kilichobaki vichwani mwa watu ni lile neno la utapeli na jina lake. Dada yetu ameweka neno lake mwenyewe, "hatukuitimiza", ambalo ni zito vya kutosha kuheshimika na ni la kweli.

La pili ni kile alichomwachia mtangazaji. Baada ya jibu hili swali la Jumatano limekwisha. Kulirudia ni kupoteza muda wake mwenyewe. Atahamia lingine, na mara nyingi litakuwa "nani amewajibishwa?" Hilo nalo lilipaswa kuwa limeandaliwa. Ila kwa msemaji hii ni hatua mbele, kwa sababu mahojiano yanasogea, na kila swali jipya ni nafasi mpya ya kuitaja ratiba.

Sasa gharama yake. Njia hii haiwezekani kama mkurugenzi hajaikubali jana yake. Msemaji hawezi kukiri kosa la taasisi kwa ujasiri wake mwenyewe saa moja na nusu asubuhi, kisha arudi ofisini kupokea barua. Sentensi ya "kosa ni letu" iandikwe, mkurugenzi aisome, mwanasheria aisome, ikubaliwe neno kwa neno. Nimeona msemaji mzuri akiharibikiwa hapo: alikuwa na jibu la kweli, hakuwa na ruhusa, akaingia studio na jibu la kurudia ambalo hakuliamini, na sauti yake ikamsaliti kabla ya dakika ya pili.

Tena ukweli hauzibi pengo la kutokujua. Tarehe 10 Novemba 2012 mkurugenzi mkuu wa BBC, George Entwistle, alihojiwa na John Humphrys kwenye kipindi cha asubuhi cha Today, redio ya shirika lake mwenyewe. Siku nane kabla, Newsnight ilikuwa imerusha taarifa iliyosababisha mwanasiasa mmoja kuhusishwa kimakosa na udhalilishaji wa watoto. Entwistle alijibu kila swali moja kwa moja. Je, aliiona taarifa hiyo iliporushwa? Hakuiona. Je, aliambiwa kabla? Hakuambiwa. Alikuwa amesoma habari ya gazeti la jana yake iliyoonyesha kosa lilipo? Hakuisoma. Hakukwepa hata kidogo, na jioni ile alijiuzulu, akiwa amekaa kwenye kiti siku 54. Kujibu kwanza kunamsaidia mtu mwenye jibu. Anayejibu "sijui" mara tatu mfululizo kuhusu jambo lililo mezani kwake angepaswa kutumia usiku wake kwenye simu na mafundi badala ya kujipangia maneno.

Kwa hiyo nikimshauri mtu namna ya kuchagua, namuuliza kwanza: shutuma ni ya kweli au si ya kweli? Ikiwa ni ya kweli na umeruhusiwa kukiri, jibu kwanza. Ikiwa si ya kweli, pia jibu kwanza, ila kwa ukweli uliopo badala ya kukana: mtangazaji akisema "mmeuza maji yote kwa mahoteli", usiseme "hatujauza maji kwa mahoteli", sema "hoteli zote ziko kwenye laini hiyohiyo, nazo zimekauka tangu Jumamosi, zinanunua maji kwa maboza binafsi kama watu wengine." Ikiwa hujui au huruhusiwi, vusha mara moja na sababu yako mkononi. Ikiwa kuna agizo la kuokoa uhai, rudia agizo, baada ya kujibu.

Na njia zinaweza kuchanganywa ndani ya dakika sita. Dada wa zoezi letu alijibu kwanza kwenye Jumatano, akavusha kwenye swali la nani atafukuzwa kazi kwa kuwa kikao cha nidhamu hakijakaa, na akarudia ratiba mara tatu kwa maneno tofauti: kwanza kwa kata, kisha kwa saa, kisha kwa namba ya simu. Aliyesikia zote tatu hakuhisi anarudiwa.

Swali lililomwangusha mara ya kwanza lilikuwa jingine, na lilitoka kwa msikilizaji aliyepiga simu, si kwa mtangazaji. "Dada, shikamoo. Naomba kukuuliza tu, kwako maji yanatoka?" Kwenye zoezi ni mimi niliyeuliza nikiwa chumba cha pili na simu. Alinyamaza, akacheka kidogo, akasema suala lake binafsi si la msingi. Tulipocheza rekodi, kile kicheko kilisikika kikubwa kuliko alivyokitoa. Redio haimwonyeshi mtu uso, kwa hiyo kicheko cha aibu kinapokelewa kama dharau.

Nikamwambia, jibu ni lipi hasa? Akasema: "Kwangu kuna simtanki. Lilikwisha juzi, nikanunua madumu sita." Nikamwomba alijibu swali kwa maneno hayohayo. Halikuhitaji kupambwa. Na kama lingekuwa kinyume, kwamba ana kisima na maji hayajakatika, angelazimika kulisema vilevile, maana jirani yake anasikiliza redio na ana simu.

Zoezi lenyewe halihitaji mtaalamu wa kulipwa. Mtafute mwenzako anayejua aibu za ofisi yenu, mpe maswali kumi mabaya, mwambie arudie lolote asiloridhika nalo mara tatu. Rekodi kwa simu dakika sita bila kusimama. Usiangalie video, sikiliza sauti tu, ikiwezekana ukiwa unaosha vyombo, kwa sababu ndivyo msikilizaji atakavyokusikia. Kisha mpe rekodi mtu wa nyumbani asiyejua habari hiyo, umuulize mambo mawili: alichoulizwa amekijibu? Na leo maji yanapatikana wapi? Akijibu la pili tu, ulivusha mno. Akijibu la kwanza tu, uliungama ukasahau kazi uliyotumwa.

Sekunde za mwisho ziandae peke yake. Mtangazaji mkali mara nyingi hulainika mwishoni na kusema, "Neno la mwisho, dada?" Wengi humshukuru mtangazaji, uongozi wa kituo na wasikilizaji kwa ujumla, muziki unaingia. Dada yetu aliandika mistari miwili kwenye karatasi ngumu isiyopiga kelele mbele ya maikrofoni: majina ya kata nne za leo, na ya chini yake kata nne za kesho. Aliposikia "neno la mwisho" alisoma majina yale nane taratibu, moja moja, kama anayeita wanafunzi darasani.